Barua Mbili kwa Banki juu ya Feza ya Macho

Feza yenyewe ilikuwa ya macho ya mama. Naanza na hilo kwa sababu wakati ule kila muntu, kuanzia mlinzi wa banki mpaka polisi, aliniuliza ilikuwa feza ngapi, na mimi nilikuwa najibu ilikuwa ya nini. Mama yetu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limeshafunga. La kulia lilikuwa linaona mwanga wa dirisha na rangi ya kitenge, basi. Daktari wa macho alikuwa anangojewa hapa Kalemie kabla ya mvua kuanza, na hospitali walituambia wazi kwamba atakaa juma mbili tu: mwenye kulipa atapasuliwa, asiyelipa atangoja safari nyingine, na safari nyingine hakuna aliyejua ni lini.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, sekondari. Mshahara wetu unapita banki, na ule unaochelewa unapita banki vilevile. Kwa miaka miwili nilikuwa naacha kidogo kidogo bila kugusa, mpaka hesabu ikatosha macho mawili, dawa, kitanda na miwani. Nyumbani tulikuwa wanawake watatu: mama, mimi, na mudogo wangu ambaye anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Anapanda mtumbwi wa mota mpaka Zongwe, ananunua kwa magunia, anarudi kuuza karibu na bandari. Wazazi wetu walitoka upande wa Uvira kwa ajili ya samaki hao hao, kwa hiyo kazi yake ni ya ukoo kuliko yangu. Yeye hana hesabu banki, yaani akaunti. Anasema feza yake anapenda kuiona.

Ijumaa moja nilipita kwenye mashine ya feza kutosha, yaani kutoa, dola kumi za unga. Mashine ikaandika kwamba hakuna feza ya kutosha. Nikarudisha karte, kadi yangu ya banki, ndani, ikaandika vile vile. Mimi si muntu wa kupiga kelele mbele ya watu, nikaingia ndani na kupanga mstari kama wengine. Binti wa dirishani aliniandikia releve, ile karatasi ya hesabu. Siku ya Jumanne kulikuwa na mistari minne: dola ishirini, dola mia mbili, tena mia mbili, na mia moja na hamsini. Mistari yote minne ilisema kitu kimoja, kwamba feza ilitoshwa kwa mashine. Saa haikuandikwa, wala mahali. Kulikuwa tu na namba za mashine ambazo mimi sikuwa na namna ya kuzisoma.

Binti akaifunga karte palepale ili isitumike tena, akaniambia niandike barua ya kukataa hizo feza na kudai uchunguzi. Nilimwitikia, lakini akili yangu ilikuwa imebaki kwa lile neno Jumanne. Jumanne nilikuwa darasani tangu asubuhi. Karte nilikuwa nimempa mudogo wangu pamoja na kode, namba yake ya siri, atoshe ishirini anunue dawa ya matone ya mama. Halikuwa jambo geni. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi, hasa mwaka ule nilipolala na tifoidi.

Nilimkuta uani anachagua ndagala kwenye turubai, akitoa mchanga. Nikamuuliza Jumanne alitosha ngapi.

"Makumi mbili, Yaya," akanijibu, maana mimi ndiye dada yake mkubwa. "Si nilinunua dawa, nikakurudishia ile ilibaki?"

"Na zingine?"

"Zingine gani?"

Nikamwonyesha karatasi. Anasoma polepole, lakini anasoma. Alipofika mwisho alinitazama, na mimi nikasema, "Kama ulikuwa na shida, ungesema."

Sikumwita mwizi. Hilo nilijitetea nalo juma nyingi. Lakini mimi ni mwalimu wa lugha, na najua sentensi ile inasema nini. Yeye pia alijua. Aliinama akaendelea kuchagua ndagala. Mama akauliza kutoka ndani tunasemezana nini, nikamjibu hakuna kitu.

Jumamosi nikaandika barua ya kwanza. Niliiandika kwa Kifaransa, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, kwa heshima yote ambayo muntu anawekea banki hapa kwetu: nina heshima ya kuja mbele yenu, na mengine ya namna hiyo. Nilikataa mistari yote minne, hata ule wa ishirini. Nilijua vizuri ishirini ni yetu. Lakini nilifikiri nikiikubali wataniuliza nani aliitosha, na kwenye karatasi nilizotia sahihi siku ya kufungua hesabu imeandikwa kwamba kode ni ya muntu mmoja. Kwa hiyo nikaandika kwamba karte yetu haijatoka hata siku moja mikononi mwetu.

Hapo njo nilijifunga kamba mwenyewe. Wenzangu wa hapa wataelewa. Sisi tumelelewa kwamba muntu hasemi "yangu" ovyo. Nyumba ni yetu, sufuria ni yetu, mama ni mama yetu hata kama umezaliwa peke yako. Mutoto anayesema "yangu, yangu" anapigwa jicho na wakubwa. Mimi nawasahihisha wanafunzi kila mwaka, nawaambia Kifaransa si hivyo, kwa Kifaransa ukisema "yetu" wenyewe ni wawili au zaidi. Halafu siku ya kuandika barua kubwa kuliko zote za maisha yangu, heshima ikanipanda, nikaandika notre carte na nos mains. Nikaisoma mara tatu, na mara tatu nikaiona nzuri.

Niliipeleka kopi mbili. Moja waliibakiza, nyingine wakanipigia kashe, muhuri wao, na tarehe ya kupokea. Ile ya kashe niliiweka ndani ya daftari la marki za wanafunzi na nikaanza kungoja.

Kungoja banki ni kazi. Unapita Jumatatu, wanakuambia barua imepanda Kinshasa. Unapita Alhamisi, bado iko Kinshasa. Nyumbani mudogo wangu alikuwa anapika, anaosha mama, anamtia matone, anaenda Zongwe na kurudi, na hakukuwa na ugomvi wowote. Tulikuwa tunasemezana mambo ya chumvi na maji. Sitasema uongo: nilikuwa naangalia vitu vyake. Aliponunua beseni jipya nilijiuliza feza imetoka wapi. Alikuwa na feza zake za ndagala, na nilizijua, na bado nilijiuliza. Naona haya kuliandika hilo, lakini njo ilivyokuwa.

Juma ya tatu shefu wa tawi aliniita ndani ya biro yake, ofisi ya nyuma. Ni baba mmoja mtulivu, mutoto wake amepita darasani kwangu. Alikuwa na jibu la Kinshasa mezani, akanisomea taratibu. Kode iliyoingizwa ilikuwa sahihi mara zote nne. Mteja mwenyewe anakubali katika barua yake kwamba karte inatumiwa na watu zaidi ya mmoja. Tena, ishirini ilitoshwa kwa mashine ya hapa Kalemie, na kamera inaonyesha mwanamke kijana mwenye beseni, aliyetulia, anayejua kode, na ambaye si mwenye hesabu. Kwa hiyo kosa ni la mteja, na dai limefungwa.

"Mama Mwalimu, kwa nini muliandika notre?" akaniuliza.

Nikamweleza. Alicheka kidogo, bila ubaya. "Mimi nawaelewa, mimi ni wa hapa. Lakini Kinshasa hawajui mambo ya kwetu. Kule wanasoma wanaona watu wengi na karte moja."

"Na zile tatu kubwa? Kamera inaonyesha nani?"

"Zile zilitoshwa fasi ingine, si hapa Kalemie."

"Fasi gani?"

Aligeuza karatasi, akaangalia nyuma kama kuna kitu. "Hawakuandika. Waliona ile ya kwanza ni ya muntu wenu, wakafunga."

Kwa kusema kweli nilikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya kijinga kwa sababu nusu yake ilistahili kunirudia mimi. Uongo wangu wa ishirini njo uliofunga mlango wa mia tano na hamsini. Daktari wa macho alikuwa amebakiza juma tano kufika. Nilipokuwa natoka, binti wa dirishani, yule aliyefunga karte, alinifuata mpaka mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mukiandika tena, muulize mashine ilisoma puce ao mustari mweusi ya nyuma. Muntu akiiba karte kwa kuinakili, anapata ule mustari tu. Puce hawezi."

Puce ni kale kakipande ka rangi ya dhahabu mbele ya karte. Nilikuwa nakaona kila mwezi bila kujua kazi yake.

Nyumbani nilimkuta mudogo wangu anamlisha mama. Nilingoja amalize, nikamweleza yote uani: kamera, beseni, yetu, fasi ingine. Nilisema pia kwamba kuna njia ya kuandika upya, kwamba naweza kusema "notre" ni ya heshima tu na huyo mwanamke wa kamera simjui. Nilimwambia hivyo kwa sababu nilidhani namwokoa.

"Andika kama wa kamera njo mimi," akasema.

"Watakuita. Na polisi watakuita."

"Waniite." Akaingia ndani, akarudi na kimfuko chake cha biashara, kile anachofunga kiunoni, akatoa tike, risiti ya mashine, iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa inanuka samaki na wino umeanza kufifia, lakini ilisomeka: Jumanne, saa nane na dakika saba mchana, mashine ya Kalemie, dola ishirini, na chini yake feza iliyobaki, yaani zote. Feza ya mama ilikuwa ingali mle dakika ile mkono wake ulipotoka kwenye mashine.

"Ulikuwa nayo siku zote hizi?"

"Nilikuwa nayo."

"Na haukunipa?"

"Haukuniuliza tike, Yaya. Uliniuliza shida."

Nilichukua tike nikaiweka ndani ya kitabu ili ikae sawa.

Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, na sikuweka ndani yake heshima za bure. Niliandika: karte ni yangu. Kode nilimpa mudogo wangu, ni kosa langu, nalikubali. Dola ishirini za Jumanne saa nane na dakika saba ni sisi, sizidai, na tike ni hii hapa. Katika barua yangu ya kwanza niliikataa ishirini hiyo, na haikuwa kweli. Mistari mitatu inayobaki siijui, wala yeye haijui. Nadai muniambie kila mmoja ulifanyika kwenye mashine gani, mji gani, saa ngapi, na kama mashine ilisoma puce au mstari mweusi. Nadai picha za kamera za mashine hizo zitunzwe zisifutwe. Kama uchunguzi utaonyesha karte ilinakiliwa, nadai feza yote irudi kwenye hesabu yangu, na kama mtakataa, muniandikie sababu kwa maandishi ili niipeleke kwa watu wa sheria. Nikaongeza mstari mmoja ambao mwalimu mwenzangu aliniambia niufute: kwamba feza ni ya macho ya mama, na daktari anaondoka tarehe fulani. Sikuufuta.

Banki walitaka pia karatasi ya polisi. Nilipeleka malalamiko juu ya muntu nisiyemjua, lakini polisi hapendi muntu asiyejulikana, anapenda aliye karibu. Wakamwita mudogo wangu. Alikaa kwenye benchi la nje saa mbili nzima, pale ambapo wanawake wote wa soko wanapita na mizigo yao, na kila aliyepita alimjua. Walimuuliza alikuwa wapi Jumanne mchana, alinunua nini, ana mwanaume au hana, mwanaume anafanya kazi gani. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Alijibu kila kitu kwa sauti moja. Tuliporudi alisema ndagala zimelala bila kugeuzwa, zitaharibika, akaenda kuzigeuza.

Jibu lilifika siku sita kabla ya daktari. Shefu alinipa kiti, akaniachia nisome mwenyewe, na nilisoma kama ninavyosoma insha za wanafunzi, nikitafuta makosa. Hayakuwemo. Ile mistari mitatu ilifanyika Lubumbashi. Wa kwanza saa nane na dakika arobaini na moja, dakika thelathini na nne baada ya mudogo wangu kutosha ishirini Kalemie. Kutoka hapa mpaka Lubumbashi hata ndege haifiki kwa dakika hizo, na treni yetu, ukisikia imefika unashukuru Mungu. Mashine za kule hazikusoma puce mara zote tatu, zilisoma mstari mweusi. Ile ishirini ilikuwa imesomwa kwa puce. Banki ikakubali kwamba karte ilinakiliwa, na mia tano na hamsini ikarudishwa kwenye hesabu yangu. Chini walinikumbusha juu ya kode, kwa maneno makali kidogo, na walikuwa na haki.

Kama nisingeandika kwamba alitosha ishirini, dakika thelathini na nne zisingekuwepo. Karte ya kweli ilikuwa hapa, mkononi mwake, na hilo njo lililoonyesha kwamba ile ya kule ni ya uongo. Shefu alinieleza hivyo huku akigonga tike kwa kidole. Kisha akasema wateja wengine wawili wamelalamika, na wote watatu tulitumia mashine ya nje Jumamosi moja, ile ya mshahara. Mafundi waliipima mashine wakakuta alama za gundi kwenye mdomo wa karte. Muntu alibandika mdomo wa bandia wa kusoma karte, na juu yake kitu kidogo cha kupiga picha vidole, halafu akarudi kuvitoa.

Jumamosi ile mimi mwenyewe ndiye niliyetosha. Na nilikumbuka. Mdomo wa mashine ulikuwa unacheza kidogo, nikafikiri ni uzee, kila kitu hapa kinacheza. Nyuma yangu kulikuwa na mstari wa walimu watupu, watu ninaokula nao chaki miaka yote. Kufunika mkono wakati wa kupiga kode mbele ya watu kama hao ni kuwaambia ninyi ni wezi, kwa hiyo sikufunika. Niliona haya kuwashuku watu wa mstari. Kumshuku mudogo wangu sikuona haya.

Nilimkuta bandarini na gunia mbili mbele yake. Nilimwambia pale pale, wateja wakisikia, kwamba feza imerudi, kwamba ilikuwa ni Lubumbashi, kwamba karte iliibiwa mkononi mwangu na siyo mkononi mwake. Nikamwambia anisamehe.

"Imeisha, Yaya," akasema, na akamwongezea mteja ndagala mkono mmoja.

Mama alipasuliwa jicho la kulia siku ya tatu ya daktari, na la kushoto siku ya tisa. Mudogo wangu ndiye aliyekaa naye hospitali usiku na mchana, kwa sababu mimi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Siku waliyotoa bandeji ya pili, mama alitutazama mmoja mmoja. Mimi aliniambia nimezeeka. Yeye alimshika uso kwa mikono yote miwili, akasema amekonda.

Tukarudi naye nyumbani. Jumapili ile nilikuwa chumbani mwangu, mama amekaa kitandani pangu anavaa na kuvua miwani yake mipya, anatazama ukuta, anatazama vidole vyake. Mudogo wangu alikuja na sahani ya mama. Mlango ulikuwa wazi. Alisimama nje ya kizingiti akasema hodi, kama anavyofanya tangu Ijumaa ile ya releve. Mimi nikiwa shuleni haingii kabisa. Shati lake likiwa mle chumbani, ananingoja nirudi nimtolee.

Mama alikuwa anasikia hodi tu; kwamba mlango uko wazi na muntu amesimama nje hakuwahi kuliona, kwa sababu alikuwa haoni. Alimtazama pale mlangoni, akanigeukia mimi.

"Huyu anabisha hodi ya nini? Si kwao hapa?"

Mudogo wangu hakuvuka kizingiti. Alikuwa ananingoja. Nikasema karibu, akaingia.